Paneli Zinazofuata Jua na Hesabu ya Duka Dogo

Huko Rwamagana, mashariki mwa Rwanda, shamba la sola lililoanza kazi mwaka 2014 lina paneli 28,360 zisizotulia. Asubuhi zinatazama mashariki, mota zinazigeuza polepole, na jua likizama zinakuwa zimeelekea magharibi. Mzunguko huo unakadiriwa kuongeza umeme kwa asilimia 20 hivi.

Kwa nini basi fundi wa mtaani anazifunga paneli juu ya bati zikae hapo hapo miaka yote?

Chukua duka la vinywaji baridi mjini Dodoma lenye paneli 10 za wati 400 kila moja. Zikiwa kwenye fremu isiyosogea, siku ya jua zuri hutoa kama uniti 18. Ongeza asilimia 20 na utapata uniti 3 na nusu zaidi. Lakini uniti hizo hizo zinapatikana kwa kufunga paneli 2 nyingine kando ya zile 10: reli, skrubu na waya kidogo, basi. Mwaka 2010, wati moja ya paneli ilipozidi dola 1.5 kiwandani, kuikamua kila paneli kulikuwa na maana. Kufikia 2024 bei hiyo ilishuka chini ya senti 20 za dola, ilhali nguzo ya chuma, zege na mota havikushuka hivyo.

Tena fremu ya kuzunguka haikai juu ya bati. Paneli 10 ni takribani mita 20 za mraba, na zikiinuliwa juu ya nguzo huwa tanga mbele ya upepo. Zinahitaji uwanja mweupe pia, kwa sababu faida yake iko asubuhi na jioni, saa ambazo kivuli cha mwembe wa jirani ni kirefu kuliko wakati wowote. Siku ya mawingu faida yenyewe hupotea, maana nuru hutoka pande zote za anga.

Mota nayo huchoka. Ikigoma jioni paneli zikiwa zimelalia magharibi, kesho yake saa 2 asubuhi jua linazipiga mgongoni. Dalili huonekana kwenye kioo cha inveta: asubuhi umeme haupandi ingawa anga ni safi, halafu alasiri unarudi kama kawaida. Hapo duka linapata kidogo kuliko lingepata kwa fremu ya kawaida.

Mwenye pampu ya kumwagilia ana hoja nzuri zaidi, kwani anataka maji mapema asubuhi na tena jioni, si adhuhuri peke yake. Hata yeye ana njia rahisi: nusu ya paneli zielekee mashariki, nusu magharibi. Jumla ya siku hupungua kidogo, lakini pampu huamka mapema na kulala kwa kuchelewa, bila mota hata moja.