Kukanusha Hoja ya Mtaalamu: Mfano wa Asili ya Kiswahili

Tuchukue swali linalowajia watahiniwa kwa sura nyingi: "Kiswahili ni Kiarabu. Kanusha dai hili." Majibu mnayajua, lakini wengi huanza hivi: "Wataalamu hawa ni wajinga, hawakujua lolote kuhusu lugha yetu." Nimesahihisha sentensi za namna hii mara nyingi. Zinamtukana mtu, na dai lake linabaki limesimama palepale.

Kwanza lieleze dai kama mwenyewe angelieleza. Wanaoshikilia nadharia hii husema kwamba jina "Swahili" limetokana na neno la Kiarabu "sawahil", yaani pwani, na kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu. Yote mawili ni kweli, nawe uyakubali waziwazi. Katika kuhesabu tu, sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu. Ukikataa jambo ambalo msahihishaji anajua ni kweli, atayatilia shaka na mengine utakayosema.

Kisha onyesha mahali hoja inapokwama. Chukua neno kitabu. Kwa Kiarabu ni "kitab", na wingi wake huko ni "kutub". Sisi hatusemi kutub. Tunasema vitabu, kwa sababu ki- ya mwanzo imechukuliwa kama kiambishi cha ngeli ya KI-VI, sawa na kiti na viti. Neno limekopwa, lakini wingi wake unafuata sarufi ya Kibantu. Kitenzi safiri nacho ni cha Kiarabu, ila katika hatutasafiri, viambishi ha-, -tu- na -ta- ni vya Kibantu.

Baada ya mifano hiyo andika: "Hoja ya msamiati haitoshi, kwa kuwa inahesabu maneno yaliyokopwa bila kuangalia sarufi inayoyatawala." Tazama kiima cha sentensi hiyo: ni hoja, si mtaalamu. Tazama pia kitenzi: haitoshi. Usikilegeze kwa woga ukaandika "huenda labda hoja hii ina upungufu kidogo", maana ushahidi tayari umeutoa.

Wapo pia wanaoandika kwamba nadharia hii ni ya uongo kwa sababu walioieneza walikuwa wageni. Mgeni anaweza kusema kweli kuhusu lugha yako, na mwenyeji akakosea. Liache jambo hilo.

Mwisho, usidai kuliko ushahidi wako unavyoruhusu. Mfano wa vitabu unaonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili ni ya Kibantu. Hauonyeshi lugha ilianzia wapi. Hapa Mkata tunasikia Kizigua kila siku, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeandika kwamba Kiswahili kilizaliwa Handeni kwa kuwa maneno yanafanana. Kufanana huko kunaonyesha kwamba lugha hizi ni ndugu. Ndugu hawazaani.