Lebo ya Kiuatilifu: Matatizo ya Kutafsiri Maagizo ya Usalama kwa Mkulima wa Vitunguu

Singida Mjini ni mahali panapofaa kuanzia mazungumzo haya. Katika soko la Misuna hukusanywa vitunguu kutoka vijiji vingi vya mkoa, na kitunguu ni zao linalopigwa dawa mara nyingi, kwa sababu ya wadudu wadogo wafyonzao majani na kwa sababu ya ukungu. Mkulima anunuapo chupa dukani hukabidhiwa pamoja nayo karatasi iliyojaa maandishi. Maandishi hayo aghalabu yametafsiriwa kutoka Kiingereza, na kila neno lililotafsiriwa vibaya laweza kulipiwa kwa mwili wa mtu.

Makala haya hayakusudii kueleza lebo yote. Yatachunguza sehemu tatu tu: mavazi, dalili za sumu, na hatua za kwanza. Mfano wetu ni profenofosi, kiuatilifu cha kundi la oganofosfati ambacho kimetumiwa katika vitunguu na mboga. Sumu za kundi hili huzuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva baada ya kufika kwenye misuli na tezi. Kikizuiwa, ujumbe hauzimiki: tezi zaendelea kutoa majimaji na misuli yaendelea kushtuka, hata kupumua kukashindikana.

1. Dawa, sumu au kiuatilifu?

Neno la mkulima ni "dawa". Hupiga dawa, hununua dawa, huchanganya dawa. Lakini neno hilo hilo ndilo jina la kidonge apewacho mgonjwa. Lebo isemayo "Mtu akimeza dawa hii apewe dawa haraka" haina kosa la sarufi, wala haina maana iliyo wazi. Istilahi "kiuatilifu" huondoa utata huo. Imejengwa kwa kitenzi "ua" na shina "tilifu", lenye maana ya kuharibu; yaani ni kitu kiuacho kile kinachoharibu mazao. Upungufu wake ni kwamba haisemi lolote juu ya hatari kwa binadamu.

Kwa hiyo yafaa maneno haya matatu yagawane kazi. "Kiuatilifu" kiwe jina la bidhaa. "Sumu" itumike kila mahali panapozungumzwa mwili wa mtu: sumu ikiingia machoni, sumu ikimwagika juu ya ngozi. "Dawa" ibaki kwa kile anachotoa tabibu. Mgawanyo huu ukifuatwa tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, msomaji hatalazimika kukisia.

Neno jingine la kuangaliwa ni "kiasi". Katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, profenofosi imo katika daraja la pili, ambalo lebo yake huwa na ukanda wa njano. Daraja hilo mara nyingi hutafsiriwa kuwa "sumu kiasi". Kwa Mswahili, "kiasi" yaweza kumaanisha "kidogo tu", na msomaji akaondoka na faraja asiyostahili kupewa. Ukanda wa njano unafuata mara moja ule mwekundu, ambao ni wa sumu kali kabisa. Chini yake kuna buluu na kijani. Heri kuandika: "Sumu. Yaweza kuua ikimezwa au ikipita kwenye ngozi."

2. Mavazi ya kujikinga

Agizo "Vaa mavazi ya kujikinga" halimwelezi mkulima chochote, kwani koti la mvua ni vazi la kujikinga, na kofia ya jua vilevile. Lebo haina budi kutaja kila vazi kwa jina lake la dukani: bwelasuti, au shati la mikono mirefu na suruali ndefu, mabuti ya mpira, glavu za mpira, aproni ya plastiki wakati wa kuchanganya, na miwani ya kukinga macho. Ni lazima pia itaje kilichotengenezewa vazi. Glavu za ngozi au za kitambaa hunyonya sumu na kuishikilia juu ya mkono, na kwa sababu hiyo zaweza kudhuru kuliko mkono mtupu ambao huoshwa mara moja. Viatu vya ngozi vina tabia hiyo hiyo. Katambuga na kandambili haziukingi mguu hata kidogo.

Utata mkubwa zaidi wa siku hizi umo katika neno "barakoa". Zamani lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake, hasa pwani. Tangu mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Uviko-19, limeenea nchini kote kwa maana ya kipande cha kitambaa kifunikacho pua na mdomo. Mkulima aambiwaye na lebo avae barakoa atavaa kitambaa hicho. Kitambaa hakizuii mvuke wa kiuatilifu. Kikilowa kwa matone ya bomba, huiweka sumu mdomoni mwa mtu kwa muda wote wa kazi. Mahali ambapo matini ya asili yahitaji kifaa chenye chujio, twapendekeza "kipumulio chenye chujio", na baada yake sentensi fupi: "Barakoa ya kitambaa haitoshi."

Kuna na jambo la viambishi vya mahali. Kitunguu ni mmea mfupi, hivyo mpigaji huelekeza mpira wa bomba chini, na majimaji yatiririkayo hushuka kwenye mkono kuelekea vidoleni. Mikono ya shati yatakiwa kuwa juu ya glavu, ili majimaji yasiingie ndani yake. Vilevile miguu ya suruali iwe nje ya mabuti. Mfasiri aandikaye "chomeka suruali ndani ya mabuti", kwa kuwa ndivyo wanavyovaa askari, amegeuza buti kuwa ndoo ya kukingia sumu.

3. Dalili za sumu

Hapa kishawishi cha mfasiri ni kutafuta istilahi za tabibu. Lakini msomaji wa sehemu hii ni jirani au mke aliyesimama karibu na mgonjwa, naye anahitaji kutambua anachokiona. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Orodha hiyo peke yake hufanana mno na malaria, na mtu aweza kumeza vidonge vya malaria akalala, huku sumu ikiendelea kufanya kazi. Neno "homa" laongeza mchanganyiko, kwa maana wengi huliita "homa" kila gonjwa la mwili mzima. Lebo isemayo "dalili zinazofanana na homa" itampeleka mgonjwa kitandani.

Kwa hiyo dalili zitenganishazo ndizo ziwekwe mbele: mate na machozi kumtoka kwa wingi, jasho jingi, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo mithili ya ncha ya sindano, kifua kubana, na misuli kuchezacheza chini ya ngozi. Hiyo ya mwisho isitafsiriwe "kutetemeka". Kutetemeka ni kwa mwili mzima, kama mtu mwenye baridi ya malaria. Kuchezacheza ni kwa vifundo vidogo vya misuli, katika kope au shavu au mkono, huku mtu ametulia. Isemwe pia kwamba dalili zaweza kuanza dakika chache baada ya kazi, au saa kadhaa baadaye, mtu akiwa amekwisha rudi nyumbani. Mstari huo humfanya msomaji aunganishe ugonjwa wa jioni na kazi ya asubuhi.

4. Hatua za kwanza

Tuchukue mfano. Mkulima anamimina profenofosi isiyochanganywa na maji, chupa inateleza, na shati lake lalowa kifuani. Hiyo ndiyo saa ya hatari kubwa kupita zote, kwani kilichomo chupani ni kikali mara nyingi kuliko kilichomo katika bomba. Maagizo yasomwe kwa mfuatano wa vitendo: mtoe mahali penye sumu, mvue nguo zote zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke hospitali pamoja na lebo. Tafsiri nyingi huanza na "Muone daktari mara moja", na msomaji mtiifu humpandisha mgonjwa pikipiki na shati lake likiwa bado limelowa. Safari yote ngozi inakunywa sumu. Naye aoshaye avae glavu, au ajifunge mifuko ya plastiki mikononi.

Kama sumu imeingia machoni, kitenzi kinachofaa ni "mwagia": "Fungua kope, mwagia macho maji safi yanayotiririka kwa dakika 15." "Osha macho" hueleweka kuwa kunawa uso.

Kama sumu imemezwa, agizo ni "Usimtapishe". Ukanusho wote wa neno hili umebebwa na silabi mbili za mwanzo, na msomaji wa haraka, mwenye hofu, huliona shina "tapisha". Makosa haya ni mazito, maana viuatilifu vingi vya maji ya mafuta vimeyeyushwa katika vimiminika vya jamii ya mafuta ya taa, ambavyo vikirudi juu huingia mapafuni. Twapendekeza katazo liwe neno la kwanza: "MARUFUKU kumtapisha." Ufuate mstari ambao haumo katika matini nyingi za asili, lakini wahitajiwa na desturi zetu: "Maziwa hayaondoi sumu hii. Usimpe." Mtu aliyezimia asipewe chochote mdomoni, alazwe kwa ubavu ili asipaliwe.

Mwisho ni atropini. Sentensi "Dawa ya sumu hii ni atropini" humtuma ndugu wa mgonjwa kuitafuta madukani, hali hutolewa kwa sindano na kupimwa na tabibu. Mstari huo uwe na anwani yake: "Kwa tabibu: sumu ya kundi la oganofosfati, atropini yatumika." Ndiyo sababu lebo hupelekwa hospitali pamoja na mgonjwa.

5. Namna ya kuijaribu tafsiri

Swali "Umeelewa?" halina faida, kwa sababu kila mtu hujibu kwamba ameelewa. Mkulima asome mstari, kisha aulizwe: "Sasa ungefanya nini kwanza?" Akijibu kwamba angefunga kitambaa puani, au angeleta maziwa, basi ni sentensi iliyoshindwa, nayo iandikwe upya. Wasomaji walio karibu na wakulima, Misuna na kwingineko, wanaombwa kutuletea majibu watakayoyapata, pamoja na majina ya mavazi yatumikayo katika maduka ya kwao.