Picha Tatu Ndani ya Moja

Fikiria pipa la chuma lililopakwa rangi ya buluu, likachubuka ukingoni na kushika kutu. Ili lionekane la kweli katika mchezo wa kompyuta, rangi peke yake haitoshi. Injini ya mchezo inataka kujua mambo mengine matatu: ukakasi wa uso, mahali palipo na metali tupu, na mianya ambayo mwanga hauifikii vizuri.

Kila jambo huchorwa kwa picha ya nyeusi na nyeupe. Kwenye ukakasi, kutu huwa karibu nyeupe kwa sababu hutawanya mwanga, na rangi inayong'aa huwa na kijivu cha kukolea. Kwenye umetali, chuma kilichochubuka ni cheupe. Rangi na kutu ni nyeusi, kwani hizo si metali. Kwenye vivuli, pipa lote ni jeupe isipokuwa chini ya ukingo na ndani ya mikunjo.

Picha ya kawaida ya rangi ina chaneli tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kila chaneli, ukiitazama peke yake, ni picha ya kijivu. Basi ramani zetu tatu zinaenea humo. Katika GIMP, fungua `Colors > Components > Compose`, chagua `RGB`, kisha uweke vivuli kwenye nyekundu, ukakasi kwenye kijani na umetali kwenye buluu.

Faida inaonekana kwenye kumbukumbu. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 iliyobanwa kwa mtindo wa `BC1` huchukua MB 2. Tatu zikibanwa hivyo mbalimbali ni MB 6. Zikiwa pamoja ni MB 2 tu. Ukakasi hupewa kijani kwa sababu mtindo huo hutunza kijani kwa biti 6, na nyekundu na buluu kwa biti 5, na jicho hugundua upesi kasoro ya mng'ao.

Ndani ya Unreal Engine, weka `Compression Settings` kuwa `Masks` na uzime `sRGB`. Ukiiacha imewashwa, injini huzichukulia namba hizi kama rangi za kutazamwa na kuzigeuza: ukakasi wa 0.5 husomwa kama 0.21, na pipa linang'aa kama limemwagiwa maji. Kisha unganisha:

```
R -> Ambient Occlusion
G -> Roughness
B -> Metallic
```

Ukibadilishana nyekundu na buluu, vivuli vyeupe huingia kwenye umetali, na pipa lote, rangi na kutu pia, hugeuka chuma.

Mbinu hii ina mpaka. `BC1` hubana vipande vya pikseli 4 kwa 4, na chaneli zote tatu hugawana kipande kimoja. Mchubuko mkali wa umetali huweza kuharibu ukakasi uliopo jirani. Sogeza kamera karibu na ukingo: ukiona mng'ao umekatika kwa vijiraba, ukakasi wa pipa hilo unastahili picha yake yenyewe.