Je, Wajua? Namba 55 ya betri si ampea-saa

Betri iliyoandikwa 55D23L si lazima iwe na ampea-saa 55. Katika alama hizo za Kijapani, 55 ni daraja la nguvu tu, na 23 ni urefu wa betri kwa sentimita! Ampea-saa husomwa penye herufi Ah.

Umri nao umefichwa. Viwanda vingi hugonga herufi ya mwezi na tarakimu ya mwaka: C4 ni Machi 2024. Lakini C4 yaweza pia kuwa Machi 2014, kwa hiyo betri ya mtumba itazame na uchakavu wake. Amini alama iliyogongwa kwenye plastiki kuliko stika, maana stika hubandikwa upya. Chapa isiyoonyesha tarehe wala Ah, mimi siinunui.

Mita nayo hudanganya. Betri iliyochoka, ikitoka kuchajiwa, husoma volti 12.6 kama mpya. Ifunge kwenye gari, mwenzako apige starta, wewe tazama mita: ikishuka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imejaa chaji, iache hapo hapo dukani.