Umerudi kutoka Ghuba? Mjue mwajiri anayetaka ujuzi wako na anayetaka jina la Doha tu

Nilikaa Doha miaka tisa nikiwa fundi wa mitambo ya baridi katika hoteli. Niliporudi Mombasa nilijua kazi ningeipata mapema, maana kila niliyemwambia nilikotoka alinijibu, "Aah, wewe huna shida." Miezi minne ikapita. Akiba ilikuwa inakwenda kwa kodi na karo, na nilichokuwa nimekusanya ni sifa tupu.

Shida haikuwa kukosa wa kuniita. Niliitwa mara sita. Ila nilichelewa kuelewa kwamba si kila anayesifu ujuzi wa nje ana kazi nao. Vijana wetu wengi wanarudi sasa kutoka Qatar, Saudia na Dubai, na naona wanaangukia palepale nilipoangukia mimi.

Wa kwanza ilikuwa hoteli ya ufuoni. Meneja alinipokea vizuri, akaagiza chai, akaniuliza habari za Kombe la Dunia la 2022 na majengo marefu ya Doha. Nusu saa nzima hakuniuliza swali moja kuhusu kazi. Mwisho akaniahidi shilingi 45,000 na cheo cha "mhandisi msaidizi", na kwamba mshahara ungepanda baada ya kipindi cha majaribio.

Nikamwomba anionyeshe mitambo. Hapakuwa na mtambo mkubwa wa kupoza maji, hapakuwa na vyumba vya kugandisha. Palikuwa na viyoyozi vya ukutani kama vile vilivyoko majumbani, vimeliwa na chumvi ya bahari. Kazi yenyewe ilikuwa kuviosha. Miaka yangu tisa ingefanya nini pale? Ujuzi hauna bei mahali ambapo hakuna cha kuutumia, hata mwenye mahali awe mkarimu vipi. Kwa hivyo kabla ya kuzungumza mshahara, omba kuona utakachoshika.

Wa pili alikuwa kampuni ya kandarasi. Hawa hawakutaka hata kuniona. Walitaka nakala za vyeti vyangu, zipigwe muhuri wa wakili, pamoja na wasifu wangu uliosainiwa, "leo kabla ya saa kumi". Rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi ya zabuni ndiye aliyenifungua macho. Anayeomba zabuni mara nyingi hutakiwa kuonyesha kuwa ana mafundi wenye uzoefu. Karatasi zako zinaingia kwenye faili, zabuni inashinda, na kazi inafanywa na kijana wa bei nafuu. Wewe hupigiwi simu tena. Ukiombwa vyeti kabla hujaulizwa swali hata moja la kazi, jibu kwa adabu kwamba utavileta siku ya kusaini mkataba.

Aliyenichukua hatimaye hakusifu kitu. Ni ghala la kuhifadhi samaki upande wa Changamwe. Mzee mmoja mhandisi alinisalimu, akafungua mlango wa chumba cha mitambo, akasema, "Haya kijana wangu, niambie unaona nini."

Kompresa ilikuwa inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache. Geji ya upande wa kuvuta ilikuwa chini sana. Fundi mwenye haraka angesema gesi imepungua, aongeze. Nikaomba kuingia ndani ya chumba cha baridi kwanza. Ule mtambo wa ndani wenye feni ulikuwa umezibwa na barafu nene, hewa haipiti. Hewa isipopita, gesi haipati joto la kuichemsha, presha inashuka, na swichi ya usalama inazima kompresa. Nikamwambia tuangalie hita ya kuyeyusha barafu. Tukaipima kwa mita: imekatika. Kuongeza gesi katika hali ile kungeirudisha ikiwa maji maji hadi kwenye kompresa na kuiua.

Akaniuliza maswali matatu ambayo nimeyaweka moyoni. La kwanza: "Kule, kazi hii ulikuwa unaifanya kwa mkono wako au mlikuwa mnaita kampuni ya nje?" Swali hili linauma, kwa sababu Ghuba kazi hugawanywa vipande vipande. Mtu anaweza kukaa miaka minane akibadilisha vichujio tu. Mimi nilimwambia kweli: vyumba vya baridi vya jikoni nilivitengeneza mwenyewe, lakini kompresa za mitambo mikubwa zilifunguliwa na watu wa kampuni iliyoziuza.

La pili: "Spea ikikosekana wiki mbili utafanyaje?" Doha nilizoea kuagiza leo nikapata kesho. Nikakiri kwamba hapo nitajifunza kutoka kwa vijana wake. La tatu: "Unazo fomu mlizokuwa mkijaza?" Alitaka kuona tulivyokuwa tukiandika presha na joto la kila mtambo kila zamu, ili hitilafu ijulikane kabla samaki hawajaoza. Hapo nikajua huyu anataka kazi yangu. Hakujali jina la mji nilikotoka.

Alinipa shilingi 38,000, chini ya ile hoteli. Lakini aliandika kwenye mkataba: majaribio miezi mitatu, kisha 52,000, na kazi ya kwanza kuweka utaratibu wa kukagua mitambo. Nikachagua kwake. Ahadi ya mdomo ya kuongezwa baada ya majaribio ni hatari, kwani Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu majaribio ya miezi sita, na yanaweza kuongezwa miezi sita mingine ukikubali. Mwaka mzima unaweza kuisha ukingoja nyongeza isiyoandikwa popote.

Hata mwajiri mzuri, hata hivyo, hawezi kulipa asichoweza kukionyesha kwenye karatasi. Amri ya serikali ya mishahara ya chini inawapanga mafundi: asiye na daraja, daraja la tatu, la pili, na la kwanza. Ukirudi na uzoefu mtupu, kwa karatasi wewe ni fundi asiye na daraja. Mimi nilikuwa na diploma, lakini wenzangu wengi waliondoka nyumbani bila cheti, wakajifunza huko huko. Kwao njia ni kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, unaopima kazi ya mkono na kutoa daraja.

Na kwa walioko huko bado: dai cheti cha utumishi kabla ya kupanda ndege, kikiwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Kiandike mitambo uliyoshika. Changu kiliandika "fundi" na tarehe tu, na kumpata mtu wa kukirekebisha nikiwa tayari Mombasa kulinichukua wiki saba. Fomu za kazi piga picha zile tupu, zisizo na siri za mwajiri wako.

Ile hita tuliibadilisha siku ya pili yangu kazini. Mzee akasimama mlangoni akiangalia geji mpaka sindano ikatulia, kisha akanipa kalamu na daftari. "Andika," akasema. "Uanze na leo."