Alama Moja Juu ya Kizingiti: Je, Ni Shule Inayomfaulisha Mtoto?

Kwa miaka mingi, matokeo ya KCSE yalipotangazwa nchini Kenya, wazazi walitazama shule kama Alliance, Mang'u na Kenya High zikiongoza na kuamua jambo moja: mtoto akiingia shule ya kitaifa, mambo yake yamenyooka. Lakini shule hizo zilipokea watoto waliokwisha kuongoza katika mtihani wa darasa la nane, KCPE. Aliyepata alama 420 kati ya 500 huenda angefanya vizuri popote alipopelekwa. Ukilinganisha wastani wa shule ya kitaifa na wa shule ya kawaida, unapima vitu viwili kwa mkupuo: kazi iliyofanywa na shule, na uwezo ambao mtoto alikuja nao.

Wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walitafuta namna ya kuvitenganisha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Waliwafuatilia watahiniwa wa KCPE wa mwaka 2004 hadi KCSE ya mwaka 2008. Enzi hizo kila wilaya ilikuwa na mgawo wake wa nafasi katika shule za kitaifa, na alama za mtoto ndizo zilizoamua nani apate. Nafasi zilipokwisha, wa mwisho kuingia aliacha nyuma yake mpaka: alama fulani ambayo walio juu yake waliitwa na walio chini yake hawakuitwa. Mpaka huo ndio kizingiti.

Wanaokaribiana

Tuseme kizingiti cha wilaya moja kilikuwa alama 380. Aliyepata 379 na aliyepata 380 hawatofautiani kwa akili wala kwa bidii. Swali moja la hisabati, au homa kidogo siku ya mtihani, lingeweza kuwabadilisha nafasi. Lakini mmoja ameitwa shule ya kitaifa na mwenzake hakuitwa. Basi tukipanga matokeo yao ya KCSE kwa kufuata alama za KCPE, tutarajie yapande polepole kadiri alama zinavyopanda. Yakiruka ghafla pale kwenye 380, mruko huo hauwezi kuelezwa kwa uwezo wa watoto, kwa kuwa uwezo hauruki ndani ya alama moja. Donald Thistlethwaite na Donald Campbell walitumia wazo hili mwaka 1960 walipochunguza tuzo za wanafunzi nchini Marekani.

Ugumu ni kwamba waliopata 379 na 380 kamili ni wachache mno. Lazima tuwaongeze wa jirani, na hapo ndipo linapozuka swali zito kuliko yote katika mbinu hii: jirani wa umbali gani? Umbali huo watafiti huuchagua, na hapa tutauita upana wa dirisha.

Dirisha pana, dirisha jembamba

Tuchukue mfano wa kubuni. KCSE tuihesabu kwa pointi 84, na tuseme kila alama 10 za KCPE huendana na pointi 3 zaidi za KCSE. Tuseme pia kwamba shule ya kitaifa haiongezi chochote. Jibu la kweli ni sifuri.

Tukichukua dirisha la alama 40 kila upande na kulinganisha wastani tu, kundi la juu litakuwa limelizidi la chini kwa takribani alama 40 za KCPE. Litaonekana kuongoza kwa pointi 12, na zote ni za uongo. Tukipunguza dirisha hadi alama 5, uongo unashuka hadi pointi 1.5, lakini haujaisha.

Kwa hiyo watafiti hawalinganishi wastani. Huchora mstari mmoja kwa walio chini ya kizingiti na mwingine kwa walio juu, kisha hupima pengo kati ya mistari hiyo miwili pale inapofika 380. Mwinuko wa kawaida unakuwa umeshahesabiwa. Kama uhusiano wa kweli umenyooka, kosa linatoweka. Lakini mara nyingi umepinda, na mstari ulionyooka ukilazimishwa juu ya mpindo hukosea zaidi kwenye ncha, mahali hasa tunapopima. Dirisha likipanuliwa mara mbili, kosa la mpindo huongezeka takribani mara nne.

Basi tulibane dirisha kabisa? Hapo tunalipa kwa njia nyingine. Tuseme dirisha la alama 40 lina watoto 400 kila upande, na la alama 5 lina 50. Ikiwa matokeo yao hutawanyika kwa kiasi cha pointi 10, kipimo cha dirisha pana kitayumba ndani ya pointi 3 hivi juu au chini, na cha dirisha jembamba ndani ya pointi 8. Kwa kuyumba kiasi hicho, hata shule inayoongeza pointi 5 haitajulikana.

Upana unaofaa uko kati ya makosa hayo mawili, na haufai kuchaguliwa kwa kukisia. Guido Imbens na Karthik Kalyanaraman walitoa kanuni mwaka 2012 inayopima mpindo na mtawanyiko wa takwimu zenyewe, kisha kutafuta upana unaopunguza jumla ya makosa. Kwa kanuni hiyo, watoto wakiongezeka dirisha hupungua, ila polepole: wanahitajika mara 32 ili dirisha lipungue kwa nusu. Mwaka 2014 Sebastian Calonico, Matias Cattaneo na Rocio Titiunik walionyesha namna ya kurekebisha kosa la mpindo linalobaki, ili mipaka ya jibu isiwe finyu kuliko ukweli.

Kuukagua mpaka

Mbinu yote inasimama juu ya sharti kwamba hakuna aliyeweza kujisogeza juu ya kizingiti. Katika KCPE kizingiti kilijulikana baada ya mtihani tu, kwani kilitegemea alama za wengine wilayani. Hata hivyo hukaguliwa. Huhesabiwa watoto wa kila alama: idadi ikipungua ghafla kwenye 378 na 379, kisha ikafura kwenye 380 na 381, kuna mkono ulioingia. Kisha hutazamwa mambo yaliyotangulia shule, kama umri au aina ya shule ya msingi. Hayo nayo yakiruka, walio pande mbili si wenzao.

Jambo jingine ni kwamba si kila aliyeitwa alikwenda. Wengine walikwama kwenye karo. Kama waliosoma shule ya kitaifa wanapanda kutoka asilimia 5 hadi 60 kwenye kizingiti, mruko wa KCSE hugawanywa kwa 0.55. Mruko wa pointi 1.1 unakuwa pointi 2 kwa kila aliyeingia kwa sababu ya kuvuka.

Walichokikuta

Lucas na Mbiti walikuta kwamba waliovuka waliketi na wenzao wenye alama za juu zaidi, lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba shule za kitaifa ziliinua matokeo yao ya KCSE. Sehemu kubwa ya pengo la gazetini ilikuwa ya watoto wenyewe.

Jibu hilo linawahusu waliokuwa karibu na kizingiti. Halisemi shule hizo zingemfanyia nini mtoto wa alama 300, wala halipimi marafiki na milango ya kazi ambayo jina la shule hufungua baadaye. Na msomaji anayeletewa utafiti wa namna hii aulize kwanza dirisha lilikuwa na upana gani, na lilichaguliwaje. Kisha aangalie jibu likipimwa kwa nusu ya upana huo na kwa mara mbili yake. Jibu linalosimama kwenye upana mmoja tu limetokana na chaguo la mtafiti, si na shule.