Oda Kubwa na Gharama Isiyoonekana Kwenye Karatasi

Mfuko wa uwekezaji unaotaka kununua hisa 200,000 za kampuni moja hauwezi kuzipata zote kwa bei inayoonekana kwenye skrini. Bei hiyo ni ya hisa chache tu. Pengine wanaouza kwa dola 50.01 wana hisa 800 kwa jumla, wanaouza kwa 50.02 wana 1,500, na zilizobaki zimetawanyika ngazi za juu zaidi. Oda yote ikiingia sokoni kwa mkupuo, itazimaliza ngazi hizo moja baada ya nyingine, na wauzaji waliobaki, wakishaona kuna mnunuzi mkubwa mwenye haraka, watapandisha bei zao. Kupanda huko kunakosababishwa na mnunuzi mwenyewe ndiko kunakoitwa athari ya soko.

Athari hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya muda: bei husukumwa juu kwa kuwa hisa zilizokuwa tayari kuuzwa zimekwisha, kisha hurudi chini wauzaji wapya wanapojitokeza. Ya pili ni ya kudumu, kwa sababu soko huamini kwamba anayenunua kwa wingi kiasi hicho huenda anajua jambo, na bei hubaki juu hata baada yake kuondoka. Kugawa oda katika vipande vidogo kwa muda hupunguza hasa ile sehemu ya kwanza: kila kipande husubiri daftari la oda lijae tena.

Namna za kugawa ni nyingi. Iliyo rahisi kuliko zote ni kugawa sawasawa kwa saa, mfano hisa 500 kila dakika. Nyingine hufuata mwenendo wa kawaida wa siku: katika masoko ya Marekani biashara huwa nzito karibu na kufunguliwa na kufungwa kwa soko, hivyo vipande vikubwa hupelekwa nyakati hizo. Namna ya tatu ni kushika asilimia fulani ya biashara yote inayofanyika. Hii huonekana salama, maana mnunuzi hasogei haraka kuliko soko. Lakini tarehe 6 Mei 2010 ilionyesha udhaifu wake. Kwa mujibu wa ripoti ya wasimamizi wa masoko wa Marekani, mfuko mmoja ulitumia programu kuuza mikataba 75,000 ya baadaye ya faharasa ya S&P 500, yenye thamani ya dola bilioni 4.1 hivi. Programu iliagizwa kuuza kwa kasi ya asilimia 9 ya biashara ya dakika iliyotangulia, bila kujali bei wala muda. Wafanyabiashara wa kasi wakaanza kurushiana mikataba ileile, idadi ya biashara ikapaa, na programu ikadhani soko lina uwezo wa kupokea zaidi. Kazi yote ikamalizika kwa dakika kama 20. Wingi wa biashara si lazima uwe wingi wa wanunuzi.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kwenda polepole iwezekanavyo. Sivyo. Kadiri oda inavyokawia, ndivyo bei inavyopata nafasi ya kusogea kwa sababu nyingine kabisa: habari, hofu, au wawekezaji wengine walioona fursa ileile. Robert Almgren na Neil Chriss, katika kazi yao maarufu ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliweka gharama ya haraka na hatari ya kuchelewa kwenye hesabu moja. Kwa anayeogopa hatari, jibu lao ni kununua zaidi mwanzoni na kupunguza kasi kadiri oda inavyokwisha.

Gharama yenyewe hukadiriwa kabla ya kuanza. Kanuni inayotumika sana husema kwamba athari kwa kila hisa hukaribia mtikisiko wa kawaida wa bei kwa siku ukizidishwa na kipeuo cha pili cha sehemu ambayo oda inachukua katika biashara ya siku. Tuseme hisa hiyo hutikisika asilimia 2 kwa siku, na kwa kawaida hisa milioni 2 hubadilishana mikono. Oda ya 200,000 ni sehemu ya kumi. Kipeuo chake ni 0.32 hivi, na athari ni kama asilimia 0.6, yaani senti 32 juu ya bei ya dola 50. Ni makadirio ya jumla tu, na kila soko lina kizidisho chake.

Gharama iliyotokea kweli hupimwa kwa njia iliyopendekezwa mwaka 1988 na André Perold wa Chuo cha Biashara cha Harvard: upungufu wa utekelezaji. Hulinganishwa mifuko miwili. Mmoja ni wa karatasi, unaodhaniwa kununua hisa zote papo hapo kwa bei ya wakati wa uamuzi bila gharama yoyote. Mwingine ni wa kweli. Tofauti ya faida zao ndiyo upungufu.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Uamuzi unafanyika bei ikiwa dola 50.00. Oda inapofika sokoni, bei ni 50.10. Hadi jioni hisa 180,000 zimepatikana kwa wastani wa 50.40, na 20,000 zimekosekana. Soko linafungwa kwa 50.80, na dalali anadai senti 1 kwa kila hisa. Mfuko wa karatasi umepata senti 80 mara 200,000, yaani dola 160,000. Mfuko wa kweli umepata senti 40 mara 180,000, ambazo ni dola 72,000. Ukitoa 1,800 za dalali, zinabaki 70,200. Upungufu ni dola 89,800, karibu asilimia 0.9 ya oda yenye thamani ya dola milioni 10.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba kinaonyesha fedha zilikopotelea. Kuchelewa kabla ya kuanza kulikula dola 18,000. Kupanda kwa bei wakati wa kununua kulikula 54,000. Hisa zilizokosekana zilipoteza 16,000, na dalali alichukua 1,800. Anayetumia wastani wa bei ya siku kama kipimo asingeona hasara ya kuchelewa wala ya hisa zilizokosekana. Tena ununuzi wake mwenyewe umo ndani ya wastani huo na unaupandisha. Ni mwanafunzi anayejisahihishia mtihani.

Hapo ndipo jaribio la kihistoria, lile la kupima mkakati kwa bei za miaka iliyopita, linapobanwa. Kwa kawaida jaribio hudhani kwamba hisa zote zilipatikana kwa bei ya kufunga soko, pamoja na tozo ndogo isiyobadilika, tuseme asilimia 0.1. Katika mfano huu tozo hiyo ni dola 10,000 dhidi ya 89,800. Zaidi ya hapo, bei za kihistoria ziliundwa bila oda ya mfuko huo kuwapo, kwa hiyo haziwezi kuonyesha athari yake.

Hata hivyo oda moja haihukumu kitu. Ikiwa matokeo ya oda moja moja hutawanyika kwa asilimia 2, asilimia 0.9 inaweza kuwa bahati mbaya ya siku. Kwa oda 100 zisizohusiana, mtawanyiko wa wastani hushuka hadi asilimia 0.2, na upungufu wa 0.9 hauwezi tena kuitwa bahati. Kisha huangaliwa bei baada ya oda kumalizika. Ikirudi chini, mnunuzi alisukuma mno, na vipande vinahitaji kupunguzwa. Ikiendelea kupanda, huenda uamuzi ulikuwa sahihi na utekelezaji ulikuwa wa polepole mno.

Upungufu uliopimwa hurudishwa kwenye jaribio la kihistoria kuchukua nafasi ya ile tozo ya kudhania, ukikua pamoja na ukubwa wa oda. Kwa kanuni ya kipeuo, oda ikiongezwa mara mbili, gharama kwa kila hisa hupanda mara 1.4 na gharama yote mara 2.8. Mkakati unaolipa kwa dola milioni 10 unaweza kula hasara kwa milioni 100 bila kanuni yake hata moja kubadilika.